Chungu cha Adolphine na Mashine ya Kupandia

Adolphine Kunda, jirani yangu hapa mtaa wa Hewa Bora, hakurithi nyumba wala kiwanja. Mama yake alimwachia chungu cha mbegu za maharagwe: mapana, meupe, yenye madoa mekundu. Sokoni hayapo. Siku hizi watu wananunua maharagwe ya magunia yaliyovuka mpaka, hawajui hata nani aliyeyalima.

Kila mavuno alichagua mbegu, akazipaka mawese na majivu kuzuia wadudu, akafunga kifuniko. Katika ukoo wao, chungu kikishafungwa hakifunguliwi mpaka mvua ya kupandia inyeshe. Mwaka jana mavuno yalikuwa haba, chungu kikabaki nusu. Hizo ndizo zilikuwa mbegu zote zilizosalia.

Na nyonga yake ikafa. Hakuweza tena kuinama na jembe. Shamba lao liko nje ya mji, upande wa Kinsevere, na vijana wa kibarua humwaga mbegu tatu shimo moja ili wawahi kurudi. Kuwapa vijana mbegu za mama yake? Alisema afadhali alale njaa.

Ndipo mumewe, Numbi, mchomelea vyuma, akamtengenezea mashine ya kusukuma. Gurudumu la mbele likizunguka, linazungusha kisahani cha plastiki kilichosimama chini ya sanduku la mbegu. Ukingoni mwa kisahani kuna vishimo. Kila kishimo kinabeba mbegu moja, kipande cha bati kinakwangua za ziada, mbegu inadondoka kwenye mfuo, na mnyororo wa nyuma unaifukia. Gurudumu likizunguka mara moja, na kisahani nacho mara moja, linakwenda sentimeta mia na ishirini; vishimo sita vinaweka maharagwe kila ishirini, na kisahani cha vishimo vinne kinaweka mahindi kila thelathini.

Tuliijaribu uani. Tulitandaza mchanga uliolowa, mbegu zisiruke zikianguka, Numbi akasukuma, mimi nikapima kwa rula. Mwanzoni maharagwe hayakuingia vizuri, kukawa na mapengo. Alipopanua vishimo, mbili zikaingia pamoja. Akaanza kisahani kingine, akatoboa kidogo kidogo, akilinganisha na mbegu iliyokuwa mkononi. Mbegu hiyo ilikuwa ya sokoni, ndogo na safi.

"Mama Chama," alimwita mkewe, "nipe kopo moja tu ya mbegu yako. Nipimishe kisahani."

"Baba Chama, nakwambia mara ngapi? Chungu haifunguliwe mbele ya mvula. Hata mama yangu afufuke aombe, hapana."

"Yako iko mukubwa."

"Weye fundi ao haiko fundi? Maharagi ni maharagi!"

Tulicheka. Numbi akaendelea na mbegu za sokoni, mpaka zikalala mchangani moja moja, ishirini, ishirini, kama shanga.

Mvua ya kupandia ilinyesha. Adolphine alifungua chungu shambani, akamimina mbegu sandukuni, akashika mipini mwenyewe.

"Angalia!" akatupigia kelele. "Natembea sawa madame wa hoteli ya Karavia!"

Sanduku liliishiwa mbegu mwisho wa mstari wa mwisho, kama ilivyotakiwa. Nani angeshuku? Zamani mkono uliopanda uliijua kila mbegu. Mashine inafukia nyuma yako, wala hugeuki.

Wiki ya pili nilikwenda nao tena shambani. Hapa mche, kisha pengo la hatua nzima, kisha mche mwingine dhaifu. Numbi alipiga magoti, akafukua kwa vidole. Alitoa nusu ya haragwe, imeoza. Akafukua mbele kidogo, nusu nyingine.

Alipofungua mashine tulielewa. Mawese na majivu vilikuwa vimeganda kama gundi ndani ya vishimo, vikapungua kina. Haragwe pana halikukaa lote ndani, lilichomoza, na bati likalikata kisahani kilipopita.

"Ningezipangusa kwanza," Numbi alisema. "Ningetoboa kubwa zaidi. Kopo moja tu, mama."

Adolphine alikuwa akitembea kati ya mistari, akichomeka kijiti kando ya kila mche ulio hai.

Baadaye jua la katikati ya msimu likaja, kisha wadudu. Alivuna maganda machache mepesi. Ndani mbegu zilikuwa zimesinyaa kama ngozi. Alizipasua moja moja kwa kucha, hakukuta hata moja ya kuweka.

Numbi amekwisha kutengeneza visahani vipya: cha maharagwe mapana, cha madogo, cha mtama. Wakulima wanakuja kuiazima mashine, na kweli inapanda vizuri. Msimu huu Adolphine mwenyewe aliisukuma, kwa mbegu za gunia. Zimeota zote, zimenyooka. Watu wanampongeza.

Juzi nilimkuta akisuuza chungu kwa maji ya moto na sabuni, akikwangua mawese yaliyoshika ndani. Nilimwuliza anataka kuweka nini.

"Chumvi," alisema.