Vyumba Vinne na Mwenye Nyumba Mmoja

Makadirio ya ujenzi niliyafanya mwenyewe. Nilikuwa nimefundisha hesabu miaka thelathini, na mwalimu wa hesabu atamwuliza nini fundi aliyeishia darasa la nne?

Marehemu mume wangu aliniachia nyumba yetu ya Mangobo na uwanja mtupu nyuma yake. Pensheni yangu ilitosha kununua chumvi, tena si kila mwezi, kwa hiyo nilipanga kula kutokana na vyumba vya kupangisha. Vinne kwa mstari mmoja, milango yote ikitazama uani, maana ukuta wa katikati unatumiwa na vyumba viwili na matofali yanapungua. Hapo nilijipongeza sana.

Fundi alisoma karatasi yangu kwa adabu. Kisha akauliza mawe ya msingi yako wapi, nani atalipa kubeba mchanga kutoka mtoni, na wapangaji watakwenda choo wapi. Kumbe katika hesabu zangu watu wa vyumba vinne walikuwa wanakula, wanalala na kuoga bila kuhitaji shimo. Tulichimba shimo, tukajenga bafu kando yake, na akiba yangu yote ikaisha siku ile ile bati la mwisho lilipopigiliwa.

Sikuwa na wasiwasi. Mji umejaa wanafunzi na wafanyabiashara kutoka Maniema, na kila mtu anatafuta chumba chenye mlango unaofungika. Nilimpata komisyoneri, kijana wa pikipiki anayeleta wapangaji na kulipwa nao. Akaleta watu. Nami niliwapokea kama ninavyojua kupokea: nikawaonyesha karatasi niliyoibandika ukutani. Lango linafungwa saa tatu usiku. Maji ya kisima ni ndoo tatu kwa siku. Pasi ya umeme hapana. Mgeni aletwe kwanza kwangu nimwone. Niliamini watafurahi kupata mahali penye utaratibu.

Walisifu saruji, wakasifu bati, wakaniambia watarudi. Bado nawasubiri.

Mmoja tu aliingia, muuguzi mpole. Kila asubuhi nilimwuliza anakwenda wapi, na kila jioni kwa nini amechelewa. Ningemfanyia binti yangu hivyo hivyo. Mwezi wa pili akahama, akisema kazi imemhamisha. Juma lililofuata nilimwona sokoni pale pale Mangobo akinunua majani ya pondu. Nikaamua kwamba watu wa siku hizi hawana shukrani.

Nikapunguza garantie, yale malipo ya kuingilia, kutoka miezi sita hadi mitatu. Nikapaka milango rangi ya bluu. Vyumba vikabaki vitupu, mimi nikaanza kula mara moja kwa siku na kuwaambia majirani kwamba nafunga kwa ajili ya maombi.

Mwishowe komisyoneri aliegesha pikipiki, akavua kofia, akaniomba nisimkasirikie.

"Mama, vyumba iko muzuri. Shida ni weye. Mutu akisikia bailleur anaikala mu parcelle, anarudia."

Bailleur ni mwenye nyumba, yaani mimi, na parcelle ni uwanja wangu huu. Nilimkasirikia. Nilimfukuza pamoja na pikipiki yake. Kisha nikakaa kitandani, upande wangu wa kitanda, nikafanya hesabu ile ambayo sikuitia katika makadirio, na kwa mara ya kwanza ikatoka sawa. Nyumba yangu ya mbele, yenye sebule, ingepata kodi kubwa kuliko vyumba viwili vya nyuma. Mtu mmoja tu ndiye aliyekuwa anaizuia.

Nilihamia kwa dada yangu, mtaa wa Kabondo, na masanduku mawili. Nilichana ile karatasi ya ukutani nikamwita tena komisyoneri nikamkabidhi funguo. Ndani ya majuma mawili alinipigia simu: vyote vimejaa, na nyumba ya mbele imechukuliwa na karani mwenye watoto watano. Nilimshukuru Mungu, nikala wali na samaki, nikalia kidogo juu ya samaki huyo.

Mwisho wa mwezi nilikwenda mwenyewe kuchukua kodi. Lango lilikuwa wazi. Redio ilikuwa inapiga, watoto wanakimbizana, mtu anapiga pasi mlangoni, na ndoo zimepangwa kisimani bila mtu wa kuzihesabu. Mwanamke kijana aliyekuwa anafua aliinuka akajifuta mikono. Alikuwa mke wa mpangaji mmoja, amefika kutoka Kindu juma lile, hajawahi kuniona.

"Mama, uko natafuta nani?"

Jina langu lilikuwa kinywani tayari. Lakini niliona pia jinsi wapangaji wengine, waliokuwa wanacheka uani, bado hawajageuka.

"Natafuta chumba," nikasema.

Alinisikitikia kwa dhati, akanivutia kiti.

"Pole, mama. Zote ilishajaa. Batu hawatoki hapa. Bailleur haikali ndani."