Neno Lililokosekana Chini ya S

Jina lake halisi lilikuwa halitumiki tena. Mtoto aliyemlea alimwita Shangazi, majirani wakafuata, na mwishowe hata muuza maziwa, mtu mzima anayempita umri, akawa anabisha mlangoni, "Shangazi, lita ngapi leo?" Hakuwa na mtoto wa kumzaa. Alikuja katika nyumba hii kwa muda mfupi tu, kaka yake alipofiwa na mke na kuachwa na binti anayenyonya. Muda mfupi ukawa maisha. Nafasi yake ya kusomea uuguzi akapewa mwingine. Mbele za watu hakulalamika. Mbele za Mungu alilalamika sana, amepiga magoti kando ya kitanda, na akiinuka alikwenda jikoni kumchemshia kaka yake maji ya kuoga.

Kaka yake watu walimwita Kamusi. Alikuwa mtunzi wa fumbo la ukurasa wa mwisho wa gazeti la kila wiki, na fumbo lenyewe lilikuwa hivi: Kamusi anatoa kipande cha herufi chache zilizofuatana, na wasomaji wanatafuta maneno yote yenye kipande hicho, kiwe mwanzoni, katikati au mwishoni. Herufi zisitenganishwe wala zisibadilishwe mpangilio. Majina ya watu na ya mahali hayakubaliki, wala wingi, wala kitenzi kilichovishwa nafsi na wakati. Neno liwe kama lilivyoandikwa kwenye kamusi. Anayepata maneno mengi zaidi ndiye mshindi. Lakini hakimu ni orodha ya Kamusi mwenyewe, iliyokabidhiwa ofisini mapema. Neno lisilokuwemo humo linakatwa.

Kwa hiyo orodha ilitakiwa isipungukiwe. Msomaji akikosa neno ni bahati yake mbaya. Mtunzi akikosa neno, amemdhulumu msomaji.

Na kazi hiyo si ya kufungua kitabu na kunakili. Kamusi yoyote imepangwa kwa herufi za mwanzo. Inakuonyesha haraka maneno yanayoanza na kipande chako, na hayo hata mvivu anayapata. Yaliyokimeza kipande tumboni, au yaliyokificha mkiani, hayana ukurasa wao. Kaka yake alikuwa na njia yake. Alikisimamisha kipande, akakisogezea kila herufi upande wa kushoto, moja baada ya nyingine, kuanzia A hadi Z, akisikiliza. Lililoitikia aliliandika, kisha akalisukuma mbele na nyuma aone kama lina ndugu. Katika miaka yake ya afya alikuwa akitembea ukumbini akinong'ona kama mtu anayesali, na binti yake mdogo alikuwa akimfuata nyuma akinong'ona vilevile bila kujua wanatafuta nini.

Vicheko navyo vilikuwepo. Aliwahi kutoa kipande MBA, watu wakagombana kama "sambamba" lihesabiwe mara mbili kwa kuwa limekibeba kipande mara mbili. "Mwanamke akizaa mapacha," alisema Kamusi, "mama bado ni mmoja." Na kipande ANA hakukitoa tena, baada ya msomaji mmoja kupuuza masharti na kuleta kurasa nzima: anaamka, anakula, anatoka, anarudi, analala. "Huyu hakuniletea maneno," alisema, "ameniletea ratiba ya mumewe."

Kisha kiharusi kikampiga. Mkono wa kulia ukakataa kushika kalamu, na usingizi ukawa unamchukua katikati ya sentensi. Ukurasa ule ndio pekee uliobaki wa kumfanya anyolewe ndevu na kuvaa shati. Mhariri, kijana mwenye adabu, alimvumilia. Lakini Kamusi alipolisahau neno "kamba" katika kipande kilichokuwa rahisi kabisa, mhariri alikuja nyumbani, akakaa ukingoni mwa kiti.

"Mzee, siku hizi kompyuta inafanya hii kazi," alisema. "Unaandika herufi zako, unaweka nyota mbele na nyota nyuma, inakuletea kila neno lenye hizo herufi, popote zilipo. Mimi nataka uendelee wewe. Ila likitokea kosa jingine, mkubwa wangu hatanisikiliza."

"Hiyo kompyuta yako inajua lipi ni neno na lipi ni takataka?" Kamusi aliuliza.

"Hilo bado tunalichuja wenyewe."

"Basi nendeni mkachuje," alisema, akageukia dirisha. Mhariri alipotoka, Shangazi alimkuta kaka yake akitokwa na machozi kwa jicho moja, lile la upande mzima.

Usiku huo katika sala aliomba jambo moja tu: kaka yake aondoke duniani ukurasa ukiwa bado wake. Hakuomba apone. Alikwishaona wagonjwa wa kutosha kujua lipi la kuomba.

Kipande kilichofuata kilikuwa ANGA. Kamusi alitamka, Shangazi akaandika, wamekaa mezani baada ya chai. Yaliyoanza na kipande yalikwisha haraka: anga, angalia, angama, angamia, angavu, angaza na mengineyo. Kisha wakaanza kusogeza herufi kushoto. Chini ya B walipata bangaiza. Chini ya CH yalimiminika: changa, changamka, changamoto, changanua, changanya. Danganya. Ganga, na nyuma yake mganga na uganga. Hangaika. Janga. Kanga na kangaja. Nanga. Panga, na pangaboi lililomfanya acheke hadi akapaliwa. Kwenye R aliirudia herufi mara tatu, halafu akasema "karanga" kwa sauti ya mtu aliyemkamata mwizi. Uso wake ulikuwa umerudi. Shangazi alitamani alfabeti isiishe.

Walipofika S alisema, "Sangara." Kisha kidevu kikaanguka kifuani.

Shangazi akasubiri, kalamu mkononi. Alimfuta mate, akamwekea mto. Alipoamka aliuliza, "Tuliishia wapi?"

"Sangara."

"Haya. T. Tanga, tangaa, tangaza..."

"Kaka, S imekwisha?"

"Nimesema T."

"Lakini S ikifuatwa na H..."

Alimkazia jicho. "Wewe ndiye mtunzi sasa? Nani aliyekuomba ufikiri? Andika ninachokuambia. Miaka yote hii unaosha vyombo, leo umekuwa mwanazuoni."

Binti alikuwa mlangoni na sare ya shule. Akainamisha kichwa.

Shangazi akaandika tanga, tangaa, tangaza, tangazo, tangawizi. Moyoni alijua lipi limerukwa. Angewezaje kutolijua? Lilikuwa neno analoitikia tangu alfajiri, na maneno jirani yalikuwa yamelizunguka: shangaa, shangao, shangaza. Alijiambia labda kaka ana sharti lake. Labda majina ya undugu ameyaondoa. Alijua si kweli, kwa maana mjomba na binamu walishapita katika mafumbo ya nyuma. Baadaye alijaribu tena, akimlisha uji, taratibu. "Kaka, nisome orodha tena?" Alikifunga kinywa akakataa kijiko. Angeweza kuyaongeza mwenyewe kabla ya kuipeleka ofisini. Lakini kaka aliidai karatasi kila mara kabla haijaondoka, akaipitia kwa kidole, neno kwa neno, na neno asilolitamka angelichana pamoja na karatasi yote. Akaipitia. Kidole kikapita kwenye sangara, kikashuka kwenye tanga, bila kusita.

Matokeo yalipochapwa, barua zikafurika ofisini. Mwalimu mmoja aliyekosa ushindi kwa maneno manne yaliyokatwa aliandika kwamba gazeti linaloshindwa kumkumbuka shangazi lijitafutie kazi nyingine. Mhariri hakuja tena. Alipiga simu, akasema anasikitika, ukurasa umechukuliwa.

Kamusi hakula siku ile. Jioni alimwita dada yake, akamwambia aketi.

"Uende ofisini," alisema. "Umwambie niliyatamka, wewe ukayaruka. Umwambie ni mkono wako."

"Kaka, hukuyatamka."

"Najua."

Walitazamana. Ndiyo mara ya kwanza tangu augue alipomtazama muda mrefu namna ile.

"Mimi nina nini kingine?" alisema. "Wewe hupungukiwi na kitu. Nani anakujua?"

Shangazi alilala na neno hilo. Alikuwa mtu wa sala, na uongo kwake ulikuwa uongo, hata ukiitwa huruma. Asubuhi alivaa gauni lake la ibada, akaenda.

Ofisi ilikuwa na meza zilizosongamana na pangaboi lililolia kila lilipozunguka. Alisimama mbele ya mhariri kama mwanafunzi aliyechelewa, akasema, "Lile kosa ni langu. Kaka aliyataja, mimi sikuyaandika."

Mhariri alimvutia kiti. "Mama, nashukuru umekuja. Nilijua mzee hawezi kumsahau shangazi. Nitawaambia wakubwa." Kisha akashusha macho. "Ila ukurasa haurudi. Kompyuta imeshaanza wiki hii. Hata angekuwa hana kosa, uamuzi ulikuwa tayari."

Shangazi aliuliza, "Tangu lini?"

"Tangu ile kamba."

Alirudi kwa miguu. Alikuwa ameuza ukweli wake na hakupewa hata chenji.

"Umemwambia?" kaka aliuliza kabla hajavua viatu.

"Nimemwambia."

"Ameamini?"

"Ameamini. Lakini ukurasa hawarudishi. Walishaamua zamani."

Kaka akasema, "Angalau wanajua si mimi." Akageuza uso ukutani. Neno la asante halikutoka, wala siku iliyofuata, wala siku zote alizobakiza. Shangazi aliendelea kumwosha, kumgeuza, kumlisha. Mara mbili alitaka kumuuliza kitu kimoja. Mara ya tatu akauliza, akimfunga kifungo cha shati.

"Kaka, lile neno. Usingizi ulikuchukua, sawa. Lakini ulipoipitia orodha kwa kidole, hukuona kwamba simo?"

Alifikiri kweli. Hilo ndilo lililomuumiza zaidi, kwamba alifikiri, kwa uangalifu uleule wa kazi yake.

"Hapana," alisema. "Sikuona pengo."

Alifariki kabla mwezi haujaisha. Mazishini mhariri alisoma salamu za gazeti. Alimsifu marehemu kwa orodha zisizopungukiwa, akaongeza kwa nia njema kwamba hata lile kosa la mwisho, kama wengi walivyosikia, halikuwa la mkono wake. Vichwa kadhaa viligeuka kumtafuta mwenye mkono. Shangazi alikuwa mstari wa mbele, ameshika kitambaa. Hakuinua uso.

Binti alimshika kiwiko walipokuwa wakirudi nyumbani. "Shangazi, mimi nilikuwepo. Nilisikia alivyokukataza. Kwa nini usiwaambie?"

"Niwaambie nini, mwanangu? Nimchukue mtu kaburini nimsimamishe kujibu?"

"Lakini wanakusema."

"Wacha waseme. Nenda kabadilishe viatu, vina tope."

Wageni walipoondoka, alifunga mlango wa chumba akapiga magoti. Aliomba msamaha kwa uongo aliousema ofisini, na huo aliutaja wazi, bila kuufunika. Kisha akaanza kumwombea marehemu. Alifika kwenye maneno ya kusamehe, akasimama. Akajaribu tena tangu mwanzo, akasimama palepale. Magoti yalianza kumuuma. Alisema tu, "Bwana, hilo lisamehe wewe. Mimi bado," akainuka, akaenda kutoa shuka kwenye kitanda cha kaka yake.