Inchi Moja Kila Upande

Mdogo wangu aliporudi kutoka Dar es Salaam na kompyuta, skana na printa ya picha, mimi ndiye niliyemtafutia chumba cha kufanyia kazi. Haukupita mwezi nikajuta.

Kilikuwa mlango wa pili kutoka studio yangu, kwenye barabara ya vumbi inayoteremka kuelekea sokoni, Dodoma mjini. Miaka ile biashara huria ilikuwa imeruhusiwa, na kila basi la kutoka pwani lilishusha kitu ambacho hatukuwahi kukiona. Mimi nilikuwa na kamera mbili, pazia lililochorwa maporomoko ya maji, na chumba cha giza nilichokijenga kwa mikono yangu nyuma ya studio. Humo ndimo nilimomfundisha mdogo wangu kazi baada ya kumaliza shule. Nilimshika mkono akatikisa karatasi ndani ya dawa, nikamwambia ahesabu taratibu, asikimbilie kuitoa kabla uso haujakolea.

Picha zangu zilikuwa na ukingo mweupe pande zote nne. Karatasi nilikuwa naibana chini ya mikono minne ya chuma, na pale ilipobanwa mwanga haukufika, pakabaki peupe. Niliupenda ukingo ule, nikahakikisha daima umenyooka. Wateja walikuwa wakisema picha yangu inajulikana hata ikiwa imelazwa mezani kwa mtu mwingine.

Za mdogo wangu hazikuwa na ukingo. Rangi ilikwenda mpaka mwisho wa karatasi, kama vile mtu amechungulia dirishani. Watumishi wa ofisi walianza kuzitaka, kisha walimu, kisha maharusi. Nilikuwa nimekaa kwenye kiti changu mlangoni nikawaona watu niliowapiga picha za ubatizo wakinipungia mkono na kupita, wakaingia mlango wa pili. Nilipungia pia. Halafu niliingia ndani nikapanga upya makopo ya dawa ambayo tayari yalikuwa yamepangwa.

Sikumchukia. Ningemchukia ingekuwa rahisi zaidi. Kila asubuhi alikuja kunisalimia, "Shikamoo dada," akiwa na chupa ya chai, akaniuliza nimelalaje. Mimi nilikuwa natazama vidole vyake. Vyangu vilikuwa vya kahawia kwa sababu ya dawa. Vyake vilikuwa safi.

Siku moja akaja mwalimu wa kwaya ya kanisa moja la pale mjini. Kwaya yao ilikuwa inatimiza miaka mingi tangu ianzishwe, na walitaka picha kubwa ya pamoja. Akatukuta wote wawili studio kwangu.

"Wewe mama ndiye unayejua kupiga," akaniambia. Kisha akamgeukia mdogo wangu. "Na wewe utatutolea, zile zako za kujaa karatasi. Fremu tumeshanunua, za inchi nane kwa kumi, kila mwanakwaya yake."

Sikupenda namna alivyotugawa, lakini tulikubali. Alipoondoka, mdogo wangu akasema, "Dada, siku ya kupiga, acha nafasi pembeni. Kushoto na kulia. Ile printa inakata."

"Inakata nini?"

"Kingo za picha. Na karatasi ya nane kwa kumi ni fupi kuliko filamu yako, kwa hiyo—"

"Nimepiga picha za vikundi tangu wewe hujajua kufunga kamba za viatu," nikasema.

Akachukua chupa yake ya chai akaenda.

Jumapili iliyofuata niliwapanga wanakwaya kwenye ngazi za kanisa, wakiwa na majoho ya zambarau, safu tatu. Mbele, kwenye kiti pembeni kabisa upande wa kulia, aliketi mzee aliyeianzisha kwaya. Alikuwa Mgogo wa vijiji vya nje ya mji, mwembamba, amevaa koti zito juani, fimbo katikati ya magoti. Nilimsalimu, "Shikamoo mzee," akaitikia, kisha akanitania kwa Kigogo nikacheka bila kuelewa vizuri.

Nilipoweka jicho kwenye kamera, niliyakumbuka maneno ya mdogo wangu. Nayakumbuka bado, na ninakumbuka pia kwamba hatua mbili nyuma zingetosha. Badala yake nikasogea mbele. Nikawajaza kwenye fremu kutoka ukingo hadi ukingo, mzee upande huu, msichana wa sauti ya kwanza upande ule, pasibaki hata upana wa kidole. Nilitaka picha iliyojaa, picha ambayo fundi yeyote angesema imepigwa na mtu anayejua. Nilitaka pia, na hili sikumwambia mtu kwa muda mrefu, mdogo wangu asipate nafasi ya kusema kwamba alinifundisha.

Filamu ikaoshwa. Mdogo wangu akaisoma negetivu kwa skana yake, akanijia mara moja tu.

"Dada, hapa pembeni hapana nafasi."

"Toa hivyo hivyo. Mteja ametaka ijae."

"Basi tuwaambie tuweke ukingo mweupe kidogo."

"Ametaka ijae," nikarudia.

Akatoa nakala zote, akazifunga kwenye bahasha. Mwalimu wa kwaya alikuwa na haraka, akazichukua bila kuzifungua.

Siku ya tatu alirudi, na nyuma yake, polepole, akaja mzee na fimbo yake. Walipita mlango wangu wakaingia kwa mdogo wangu. Nikanyanyuka nikawafuata. Nisidanganye: nilikwenda nikiwa na furaha. Nilijua kuna malalamiko, na nilitaka kuyasikia.

Mzee alikuwa ameketi, fremu iko mapajani. Alikuwa anapitisha kidole juu ya kioo.

"Mjukuu wangu," akamwambia mdogo wangu, "mimi niko wapi hapa?"

Nikainama kuangalia. Lilikuwepo goti moja na mkono ulioshika fimbo. Sikio moja na kipande cha shavu. Mzee mwenyewe alikuwa ameishia nje ya karatasi. Upande wa pili yule msichana alikuwa amebaki bega tu.

"Watu arobaini wako humu," mzee akaendelea, bila hasira. "Hata waliojiunga mwaka huu. Nimewaambia nyumbani waje waione. Sasa wataniuliza."

Mwalimu wa kwaya ndiye aliyekasirika. "Hii mashine yako inakula watu! Tungejua tungempa dada yako kazi yote."

Hayo ndiyo maneno niliyokuwa nimeyangoja miezi mizima. Yalipofika, nilimtazama mdogo wangu nikingoja ageuke aninyooshee kidole. Angekuwa na haki.

"Nisameheni," akasema. "Kosa ni langu. Nilipaswa kuwaonyesha kabla ya kutoa."

Hakunitazama hata mara moja. Na hapo wivu ulinichoma kuliko siku zote za nyuma, kwa sababu sasa haikuwa printa tu aliyokuwa nayo nisiyokuwa nayo mimi.

Waliondoka wakiwa wameahidiwa picha nyingine. Mchana ule mdogo wangu alikwenda kununua wino, akaniachia ufunguo kama kawaida. Nikajiambia nitalitengeneza kosa lile mwenyewe kabla hajarudi. Nilijua filamu yangu ina umbo la mbili kwa tatu, basi nikachukua karatasi ya picha ya A4 nikaikata kwa wembe, sentimita kumi na tisa kwa ishirini na nane na nusu, umbo lile lile. Lakini nilipoandika vipimo vyangu kwenye kompyuta, kile kisanduku cha kutoa bila ukingo kikafifia, hakibonyezeki. Nikakidanganya. Nikachagua A4 bila ukingo, nikaingiza karatasi yangu.

Picha ilitoka imekatika tena, na wino mwingine ukamwagika ndani ya printa pale ambapo karatasi haikufika. Karatasi ya pili ilitoka na mistari ya wino mgongoni. Nilikuwa bado naipangusa kwa khanga mdogo wangu alipoingia.

Nilidhani atapiga kelele. Aliketi chini, akafungua kifuniko.

"Ona," akasema. "Hizi sponji nyeusi ndizo zinazofyonza wino unaopita ukingoni. Printa haiwezi kujua karatasi inaishia wapi kwa uhakika, ikikosea kidogo utaona mstari mweupe. Kwa hiyo inaikuza picha iwe kubwa kuliko karatasi, kinachozidi kinaingia kwenye sponji. Hizo ni milimita chache kila upande, zinapotea daima."

"Na karatasi niliyokata?"

"Sponji ziko mahali maalumu. Inchi nne kwa sita, tano kwa saba, nane kwa kumi, A4. Upana mwingine wowote hauangukii juu ya sponji, ndiyo maana inakataa."

"Lakini yule mzee hakupoteza milimita chache."

"Hapana." Akachukua rula. "Negetivu yako ikijaza inchi nane kwa urefu wa kwenda juu, kwa upana inataka kumi na mbili. Karatasi ina kumi. Inapotea inchi moja kila upande. Kwenye nne kwa sita umbo ni sawa na filamu, ungepoteza zile milimita tu. A4 ingekata kidogo kuliko nane kwa kumi, lakini ingekata. Ndiyo maana nilikuomba nafasi."

"Nilikusikia," nikasema.

"Najua ulinisikia."

Tulikaa pale sakafuni, mikono yetu wote wawili ikiwa na wino. Nikamwambia nilisogea mbele makusudi. Akapangusa sponji kwa kitambaa, kisha akasema, "Ungeniambia tu kwamba umekasirika, dada."

Jumapili nyingine nikawaita tena kanisani. Niliwaambia wote, mbele ya ngazi, kwamba aliyewakata ni mimi na si mashine. Mwalimu wa kwaya akakunja uso. Mzee akauliza kama leo pia akae pembeni. Nikamwomba akae katikati. Akakataa, akasema kule pembeni kuna kivuli. Basi nikarudi nyuma hatua mbili, halafu ya tatu, nikaacha ngazi tupu kushoto na kulia hadi picha kwenye kamera ikaonekana kama imepigwa na mtoto.

Kwenye karatasi ya nane kwa kumi ilitoka nzuri. Mzee alikuwa mzima, koti, fimbo na viatu, na kipande cha ngazi kando yake. Alipokuja kuichukua alimshika mdogo wangu mkono kwa mikono yake miwili. "Umenirudisha," akamwambia.

"Dada ndiye aliyepiga," mdogo wangu akasema.

Mzee akageuka akanipa mkono mimi pia, mkono mmoja. Nilihesabu. Nilirudi studio kwangu na kukaa mlangoni, na wivu ulikuwepo, nimekaa nao. Mteja wa kwanza aliyekuja kuulizia picha ya kujaa karatasi nikampeleka mwenyewe mlango wa pili, nikakaa humo ndani nikaangalia inavyotoka.