Barua ya Kuhama Barazani

Mwenyekiti wa ushirika aliniambia maneno ambayo hadi leo yakinijia nasonya peke yangu. "Mama fundi," alisema, "wateja si wako. Ni wa baraza hili. Wewe ukitoka, wao wanabaki."

Ilikuwa miaka ile ya Ujamaa, Lushoto mjini. Tangu nifiwe na mume wangu nilikuwa nashona kwenye baraza la duka moja la vitambaa. Duka likachukuliwa na ushirika, nami nikapewa la kuchagua: niingize cherehani yangu kwenye kikundi chao, nishone sare kwa zamu, ama niondoke kabla ya Julai. Sikuwa na ugomvi na Ujamaa. Shamba la kijiji nililima kama wengine na mikutanoni nilipiga makofi hadi viganja vikawasha. Lakini cherehani ile niliinunua kwa viazi nilivyoteremka navyo kichwani kutoka mlimani, na sikuona kwa nini niombe ruhusa ya kukanyaga pedali yangu.

Nikapata chumba ng'ambo ya daraja, nje kidogo ya barabara ya kwenda Malindi, ile Malindi yetu ya milimani. Kodi yake ilikuwa nafuu kwa sababu hakuna aliyekuwa na shida ya kufika huko. Wateja wasiponifuata, ningerudi kwa mwenyekiti kuomba nafasi kwenye kikundi chake. Nilijua angenikubalia, tena kwa tabasamu, na tabasamu hilo ndilo nililoliogopa kuliko njaa.

Nikaandika barua kwa karatasi ya kaboni, nikikandamiza kalamu mpaka kidole kikauma:

"Kwa wateja wangu wote. Nawajulisha kwamba nahama. Siku yangu ya mwisho barazani ni Jumamosi ya mwisho ya Juni. Jumatatu hadi Jumatano nitakuwa nahamisha vitu, msije. Alhamisi, siku ya soko, nitafungua mahali papya. Vuka daraja, kata kulia, nyumba ya pili, ya bati. Nguo mlizoacha nitakuwa nazo huko, hata zilizokatwa tu. Bei ni ile ile. Fundi wenu."

Nakala moja nikaibandika kwenye nguzo ya baraza. Kesho yake nikaikuta imebanduliwa. Basi nikawapa watu wa milimani nakala zangu. Moja ikasomwa kanisani, baada ya matangazo ya ndoa. Nyingine ikasomwa msikitini baada ya sala ya Ijumaa. Ningependa kumwona mtu wa kubandua hizo.

Alhamisi nikafungua mlango alfajiri. Wakaja wawili watatu wa mjini, basi. Jua likapanda. Wanawake wa milimani, ambao ndio ulaji wangu, sikuona hata mmoja. Nikakaa mbele ya cherehani nikipaka mafuta mahali palipokwisha pakwa. Niliumia, na niliona hasira pia, maana nilikuwa nimeanza kumwamini yule mwenyekiti.

Kisha nikasikia sauti yake. Alikuwa anavuka daraja, shati halijafungwa vifungo, na nyuma yake msururu wa wanawake wenye mizigo ya viazi kichwani na vitambaa kwapani.

Nilikuwa nimeandika njia kama mtu anayetoka mjini. Wao walishuka kutoka Malindi. Wakavuka daraja hadi upande wa mjini, wakakata kulia, nyumba ya pili, ya bati: kwa mwenyekiti. Na kwetu neno likishasomwa kanisani au msikitini halijadiliwi. Tangu asubuhi walikuwa wanabisha mlangoni kwake wakimuuliza fundi yuko wapi. Alipowaambia hapa si kwa fundi, walimjibu kwa heshima zote kwamba barua imesema ni hapa, wakaketi kusubiri.

"Shikamoo, mzee," nikasema. Hasira ni hasira, na shikamoo ni shikamoo.

"Marahaba," akajibu, kwa shida. "Uandike barua nyingine! Leo hii! Nyumbani kwangu hapapitiki."

"Hawa ndio wale wateja wa baraza, mzee?"

Akawageukia wale wanawake, kisha akanigeukia mimi.

"Maana naona baraza wameliacha, wamekuja kunitafuta mpaka chumbani kwako."

Wanawake wakacheka, wengine wakaficha midomo kwa kanga. Yeye akafunga kifungo kimoja cha shati, akakosea tundu.

"Utaandika?" akauliza tena, safari hii kwa sauti ya chini.

"Siandiki," nikasema. "Karatasi zimekwisha. Na njia umekwisha kuwaonyesha vizuri."

Akageuka aondoke, akasimama ghafla. Mwishoni mwa msururu, nyuma ya wale wa Malindi, alikuwa mkewe, kitambaa cha gauni kimekunjwa kwapani, anasubiri zamu yake.