Chapati ya Kwanza Naila Mimi

Kibandani kwangu Kansanga, chapati ya kwanza ya asubuhi haiuzwi. Naikata kipande nikakila hapo hapo, mteja akiniona. Nilitoka na desturi hiyo kwetu Kenya, na wateja wa Kampala wakaizoea mpaka ikawa yao. Ukisahau, kuna mtu atauliza: wewe mwenyewe mbona huli?

Basi kuna mwaka mmoja niliacha kuila. Nilikuwa nimechoka uchovu usio na adabu, nasikia baridi mbele ya jiko linalowaka, nywele zinabaki kwenye chanuo. Daktari, mama mmoja mpole, alipima damu akaniambia kinga ya mwili wangu inaishambulia tezi ya shingoni, nayo haitoi tena homoni ya kutosha. Akaniandikia kidonge cha homoni hiyo: kila asubuhi, tumbo tupu, pengine maisha yangu yote.

Wifi yangu, dada wa mume wangu, anakaa Luzira na anauza virutubisho vya chupa. Alipopata habari alifika na mfuko.

“Kidonge cha maisha ni utumwa,” akasema. “Meza madini ya seleniamu, meza vitamini D, acha ngano. Tezi itapona, nacho kidonge utakitupa.”

Kidonge sikukitupa. Ukaidi wangu umenisaidia mara nyingi. Lakini ngano niliiacha, na seleniamu nikameza kutoka chupa mbili tofauti, kwa kuwa wifi alisema moja ni ya tezi na nyingine ni ya nywele. Nani aliyesoma maandishi yale madogo? Si mimi.

Wateja walinitazama nikisukuma, nikikaanga, nisile. Mzee mmoja Mkongomani, fundi viatu aliyekuwa akinunua kwangu kila siku, aliuliza kwa upole, “Mama, kuna nini kwenye unga?” Nikamjibu ni daktari kanikataza. Uongo mtupu, daktari hakusema neno juu ya ngano. Kesho yake nilimwona amesimama kwenye kibanda cha ng'ambo ya barabara, na hakuwa peke yake. Roho iliniuma, haki ya Mungu. Kibanda changu ndicho kinacholisha nyumba yangu.

Nywele nazo, badala ya kurudi, zikazidi kuanguka. Kucha zikawa zinakatika. Mume wangu akaniuliza mbona nanuka vitunguu saumu, na mimi sijavigusa. Hapo nikabeba chupa zote nikaenda kwa daktari nikazipanga mezani kwake.

Alisoma migongo ya chupa, akatikisa kichwa. “Zote mbili zina seleniamu, na zote nyingi. Hii ikizidi ni sumu: nywele, kucha, harufu hiyo. Acha leo.”

“Kwa hiyo wifi alinidanganya?”

“Si yote. Kuna tafiti zilizoona seleniamu ikishusha kwenye damu zile kingamwili zinazoishambulia tezi. Lakini kwamba mgonjwa anapata nafuu, au anaacha kidonge, ushahidi huo ni dhaifu.”

Vitamini D aliipima kwanza. Ilikuwa chini, akanipa ya kuijazia. “Hii ni kwa sababu umepungukiwa, na mifupa inaihitaji. Usitegemee iponye tezi.”

Nikauliza ngano. Akasema kuna ugonjwa wa utumbo unaotokana na gluteni, protini iliyomo kwenye ngano, na wenye tezi kama yangu huupata zaidi ya wengine, kwa hiyo kupima ni haki. Asiye nao, hakuna uthibitisho mzuri kwamba kuacha ngano kunaisaidia tezi yake. “Ila siwezi kukupima sasa. Umeshaacha, kipimo kitadanganya. Nenda ukale ngano kila siku, wiki kadhaa, kisha urudi.”

Wee! Nimeandikiwa chapati na daktari! Nilicheka mpaka nesi akachungulia.

Nikala, nikarudi, nikapimwa. Ugonjwa ule sina.

Wifi alinikuta kibandani asubuhi, chapati ya kwanza ikiwa mkononi mwangu. Wateja walikuwa wachache, fundi viatu akiwa miongoni mwao, amekuja kupeleleza. Wifi akapaza sauti wote wasikie: “Unajiua na huo unga! Na kile kidonge bado unameza?”

“Nimekimeza alfajiri. Na kesho nitakimeza.”

“Mimi nataka upone!”

Najua alitaka. Ndiyo maana hasira ilinipanda zaidi, kwa sababu anayekupenda ni mgumu kumfukuza. Nikamrudishia mfuko wake, chupa zote ndani.

“Wifi, mwili wangu wenyewe unanishambulia. Wewe usiusaidie.”

Kisha nikaikata chapati, nikatia kipande kikubwa mdomoni, nikatafuna taratibu, namtazama. Fundi viatu akasogea mbele ya wote akanyoosha mkono.

“Mama, nipe mbili,” akasema.