Macho Mazima Yaliyomtoa Mama Mdogo Kwenye Meza ya Prufu

Mama mdogo wangu, mdogo wake mama yangu kabisa wa tumbo moja, alikaa miaka kumi na moja kwenye meza ya prufu katika kiwanda cha uchapaji. Kama hujui prufu ni nini: ni karatasi ya kwanza inayotolewa ili ikaguliwe kabla mashine kubwa haijaachiwa. Ikipita na kosa, kosa linatoka mara elfu tano.

Kazi yenyewe inafanywa na watu wawili. Mmoja anasoma kwa sauti nakala aliyoleta mteja, neno kwa neno, koma na nukta zote. Mwingine ana prufu mbele yake na kalamu nyekundu, anafuata. Msomaji alikuwa baba mmoja mwenye kifua kama ngoma, kiwanda kizima kikimwita Redio. Mama mdogo walimwita Nukta, kwa sababu aliwahi kusimamisha mashine kwa ajili ya nukta moja iliyopotea kwenye kitabu cha hesabu. Alilipenda jina hilo kuliko alilopewa na babu.

Shida ilianza akiwa na miaka thelathini na sita. Asubuhi anasoma vizuri. Baada ya nusu saa macho yanakuwa mazito, kama yamepakwa gundi. Kichwa kinauma juu ya nyusi. Anasoma mstari, anarudia ule ule, anajikuta kwenye mstari wa tatu hajui amefikaje. Ikifika alasiri herufi zinajigawa, kila neno linaota pacha pembeni yake.

"Dada Nukta, umelala?" Redio akauliza siku moja.

"Silali, mzee. Soma."

"Nimesoma huo mstari mara tatu. Hata Mungu ameshausikia."

"Basi msomee mara ya nne, labda hakuelewa."

Walicheka. Lakini aligundua kitu: akifumba jicho moja, herufi zinakuwa moja papo hapo. Basi akaanza kuegemeza shavu kiganjani, kidole kimeziba jicho la kushoto, anajifanya amechoka tu. Alisoma hivyo karibu mwaka mzima. Hakumwambia mtu. Msahihishaji anayelalamika macho ni kama mpishi anayelalamika ulimi, nani atamwachia sufuria?

Alikwenda kwa muuza miwani. Akasimamishwa mbali na ubao wa herufi, akasoma mpaka mstari wa mwisho, jicho moja moja. "Macho yako mazima mama, yangekuwa yangu ningeringa." Akauziwa miwani ya kusomea ya kukuza kidogo. Ilizidisha. Akaitupa kwenye droo.

Halafu akafanya lile tunalofanya wote: akaingia kwenye simu. Video ikasema chukua kalamu, nyoosha mkono, ilete polepole mpaka puani, huku unaitazama. Mara ishirini, asubuhi na jioni. Alifanya wiki saba, akijifungia choo cha kiwanda. Kalamu ikikaribia inakuwa mbili, anaendelea kuileta hivyo hivyo mbili mpaka inagusa pua, anahesabu moja. Hakuna aliyemwambia kwamba ikigawanyika ndipo anatakiwa asimame na kupigana irudi kuwa moja. Alikuwa anayafundisha macho yake kushindwa, tena kwa nidhamu.

Halafu ikaja karatasi ya dawa.

Ilikuwa dawa ya maji ya watoto, ya mafua, karatasi inayokunjwa ndani ya boksi, herufi ndogo kama kunguni. Saa kumi jioni. Meneja amesimama mlangoni anataka prufu isainiwe, mashine inasubiri. Mbele ya meneja hakuweza kuziba jicho.

"Mililita tano," Redio akasoma, "mara mbili kwa siku, nukta."

Kwenye prufu iliandikwa 55. Mpangaji wa herufi alibonyeza mara mbili. Mama mdogo aliiona 55. Lakini saa kumi jioni kila tano aliiona hivyo, na kila moja ilikuwa kumi na moja. Alishajizoesha: cha pili ni uongo wa macho, kiache. Akakiacha. Akasaini.

Mfamasia mmoja ndiye aliyepiga simu baada ya siku nne. "Chupa nzima ina mililita sitini. Mnataka mtoto ainywe kama soda?" Maboksi yakarudishwa. Lakini kwenye duka la mfamasia huyo mawili yalikuwa yameshauzwa. Mteja mmoja alipatikana. Alikuwa ametumia kijiko cha chai kama siku zote, karatasi hata hakuifungua. Wa pili hakupatikana. Hakuna anayejua aliishi wapi, mtoto ana umri gani, alipewa kiasi gani. Mpaka leo.

Meneja alimwita. Hapo ndipo mama mdogo aliposema yote, jicho, shavu, choo, kalamu. Meneja si mtu mbaya, ni meneja tu.

"Miezi minne," akasema. "Nenda katibiwe. Ukirudi utakaa mtihani wa kiti kama mtu mpya. Ukipita, kiti chako. Usipopita, utaenda chumba cha kufungasha."

Mtihani wa kiti: kurasa thelathini, saa mbili, makosa yamepandwa ndani. Kila msahihishaji aliupita kabla ya kukalia ile meza. Mama mdogo aliwahi kuupita dakika kumi zikiwa zimebaki.

Nilimpeleka mimi kliniki ya macho ya hospitali. Mtaalamu alikuwa dada mdogo kuliko mama mdogo, ana rula imebanwa kwenye kifimbo. Alimziba jicho moja, akalifungua, akaziba la pili, akitazama linavyoruka kurudi mahali pake. Kisha akasogeza kifimbo taratibu kuelekea puani.

"Niambie kikiwa viwili."

"Sasa."

Mtaalamu akasoma rula. "Sentimita ishirini na sita. Tunategemea kifike sita, saba hivi. Na jicho lako la kulia limekimbia nje, mwanao hapa amekuona."

Kweli nililiona. Lilikuwa limeng'ang'ana na kifimbo, halafu likachoka, likateleza pembeni kama mtu anayetoroka mkutano.

Akatueleza. Kutazama mbali macho yanakwenda sambamba. Kutazama karibu lazima yote mawili yageuke ndani, yakutane kwenye neno moja. Ya mama mdogo yanakutana kwa shida, na hayawezi kukaa hapo muda mrefu. Kila jicho peke yake ni zima, ndiyo maana ubao wa herufi haukuona kitu. Ile miwani ya kukuza iliyafanya yalegee zaidi, kwa sababu jicho likipunguza kazi ya kulenga karibu, kule kugeuka ndani nako kunapungua.

Mimi sina subira na maneno matamu. Nimeona watu mtandaoni wanauza mazoezi ya macho kama maji ya baraka, eti mtoto ataacha kufeli, eti utatupa miwani. Nikauliza, "Dada, haya mazoezi yanasaidia kweli au ni mchezo?"

"Kwa tatizo hili, yanasaidia," akasema. "Watoto wanaofanya kliniki na mtaalamu kila wiki, na nyumbani kila siku, karibu watatu kati ya wanne wanapata nafuu. Kalamu peke yake nyumbani haikushinda mazoezi ya bandia, yale ya kujifanya tu yanayotumika kulinganishia. Kwa watu wazima tafiti ni chache, sitakudanganya."

"Na kusoma kwangu kutarudi?" mama mdogo akauliza.

"Maumivu na maandishi mawili, nategemea yatapungua. Kwamba utasoma vizuri au haraka zaidi, hilo siliahidi. Kwa watoto walipima: macho yalipona, alama za kusoma hazikupanda kuliko za waliofanya mazoezi ya bandia."

Mama mdogo alisikia nusu ya kwanza. Niliona usoni.

Wiki kumi na sita. Kila Jumanne saa nzima kliniki, na nyumbani robo saa kila siku. Alikuwa na kamba yenye shanga tatu, ncha moja imefungwa kwenye kitasa cha mlango, nyingine anaibana puani. Ukitazama shanga ya karibu kwa macho yote mawili, unaona kamba mbili zinakatana pale pale kwenye shanga. Kamba moja ikitoweka, ubongo umelizima jicho moja. Zikikatana nyuma ya shanga, macho hayajafika. Wiki za kwanza alitapika mara mbili. Mama yangu akamwambia, "Mdogo wangu, unavua samaki sebuleni?" Akajibu, "Nimekosa samaki, nimepata kichefuchefu."

Wiki ya tisa kamba zikakatana kwenye shanga ya karibu na zikakaa. Wiki ya kumi na sita kifimbo kilifika sentimita saba. Kichwa hakiumi. Alasiri herufi ni moja moja. Mtaalamu akampa mkono. Mimi ninayewatukana watu wa mazoezi ya macho kila wiki nilipiga makofi kwenye kiti changu cha plastiki.

Siku ya mtihani Redio alikuja na shati la kanisani. Akasoma kwa mwendo wake ule ule. Ukurasa wa kwanza mama mdogo aliinua mkono. "Subiri, mzee." Akafumba jicho la kushoto, akaitazama namba. Akalifungua, akafumba la kulia. Ilikuwa moja. Alijua ni moja. Akaitazama tena.

"Dada, ni sawa?"

"Sawa. Soma."

Kila namba alifanya hivyo. Kila neno lililorudiwa, kila sufuri. Redio akaanza kupunguza mwendo bila kuambiwa, na meneja akamwambia, "Mzee, soma kama unavyosoma." Saa mbili zilipoisha walikuwa ukurasa wa ishirini na moja.

Meneja alikagua hapo hapo. Kwenye kurasa ishirini na moja hakuna kosa hata moja lililompita. Tena alipata na moja ambalo hawakulipanda wao.

"Macho yako yanaona," meneja akasema.

"Yanaona."

"Kurasa tisa hujazigusa."

"Najua."

"Nikupe nusu saa nyingine?" Hili lilimtoka kabla hajafikiri, nadhani.

Mama mdogo akatazama ile prufu. "Nikifika namba nitafumba jicho tena," akasema. "Sitaki kufanya. Lakini nitafanya. Yule mtoto mwingine hajapatikana."

Redio akasema, "Nukta, acha hayo."

Akafunika kalamu nyekundu, akamsukumia meneja mezani. Kisha akauliza chumba cha kufungasha wanaanza saa ngapi. Moja na nusu, akaambiwa. Akasema atakuwepo.