Zamu ya Kuchota

Kazi ya malezi na unasihi shuleni kwetu nilipewa kwa sababu siku ya kugawana majukumu nilikuwa kwetu Lupaso, nauguza. Niliporudi nikakuta michezo imechukuliwa, taaluma imechukuliwa, na jina langu limeandikwa mbele ya kazi ambayo hakuna aliyeitaka. Ofisi ya unasihi ilikuwa stoo ya mafagio. Baadaye nikapelekwa Masasi kwa mafunzo ya siku mbili ya huduma ya kwanza ya kisaikolojia kwa watoto. Nikarudi na daftari lililojaa. Nilijiona najua.

Mwaka ule ule, Jumamosi moja baada ya mvua nyingi, ukingo wa udongo ulioko juu ya kisima cha bondeni, chini ya kijiji chetu upande wa Kitangari, uliporomoka. Wasichana wawili wa darasa la tano walikuwa pale wakichota maji. Mmoja alifukiwa. Mwenzake alipanda kilima mbio akipiga kelele mpaka watu wakashuka na majembe. Walipomtoa yule wa chini alikuwa ameshakufa. Tukamzika Jumapili.

Jumatatu asubuhi Mwalimu Mkuu alikusanya shule nzima mstarini. "Mwenzenu amelala," akasema. "Amepumzika. Msilie, kulia ni kumsumbua."

Mtoto wa darasa la kwanza akanyoosha kidole. "Ataamka lini?"

 Nilitamani kuzama ardhini. Tulichofundishwa siku ya kwanza kabisa ni kwamba mtoto aambiwe ukweli kwa maneno mepesi, maana ukimwambia mtu aliyekufa amelala, usiku naye ataogopa kulala. Lakini Mwalimu Mkuu hakuwa amemaliza. Alimwita yule msichana aliyenusurika aje mbele awaeleze wenzake alichokiona, "iwe fundisho, watoto waache kucheza kwenye kingo."

Nikasogea nikamnong'oneza, "Mwalimu Mkuu, tafadhali, usimsimamishe. Hatakiwi kulazimishwa kusimulia."

"Siku mbili za Masasi zimeshakufanya daktari?"

"Hapana. Ila hilo moja nilifundishwa."

Alinitazama kwa hasira, kisha akasema basi, mtoto arudi mstarini. Wageni wa kamati ya maafa ya wilaya waliofika saa nne kutoa pole nao walitaka wapige picha na "yule mtoto mwenyewe". Nikawajibu yuko darasani anasoma. Kwa hiyo kufikia mchana nilikuwa nimemlinda na kila mtu.

Isipokuwa mimi mwenyewe.

Maana saa nane nilimwita stoo, nikafunga mlango, nikamkalisha kwenye kiti kilichobaki. "Niambie kila kitu," nikamwambia. "Usifiche. Ukilitoa lote utapona."  Nikamuuliza udongo ulianzia wapi. Nikamuuliza mwenzake alisema nini. Macho yake yakaganda kwenye mafagio, na baada ya muda nikaona maji yanatiririka chini ya kiti. Alikuwa amejikojolea, msichana mkubwa wa darasa la tano. Akatoka mbio, hakusimama mpaka kwao.

Kesho yake hakuja. Akaja bibi yake anayemlea.

"Shikamoo, bibi."

Hata marahaba hakuitoa. "Mwalimu, umemfanya nini mtoto? Juzi alikula kidogo. Tangu jana hajatia kitu mdomoni."

Niliona aibu ambayo sijui niieleze vipi. Nikampigia simu afisa ustawi wa jamii aliye Newala, mmoja wa waliotufundisha. Akapanda bodaboda, akafika saa sita akiwa mwekundu kwa tope kuanzia viatu mpaka kope. Nilipomsimulia alishika kichwa.

"Daftari lako liko wapi?"

"Kabatini."

"Basi limekaa kabatini. Nani alikwambia uchimbue? Unaangalia nani hajala, nani yuko peke yake, nani hana mtu wa kumpokea nyumbani. Unasikiliza anachotaka kusema yeye, akitaka. Kisha unamuunganisha na watu wake. Akinyamaza, unakaa naye akiwa amenyamaza. Na mlango hufungi!"

Tulikwenda pamoja kwa bibi. Nilimwomba msamaha yeye, kisha nikamwomba mtoto. "Nilikuuliza maswali ambayo sikutakiwa kukuuliza," nikamwambia. "Hulazimiki kuniambia lolote. Ukitaka kuja shule, kiti chako kipo."  Afisa alimweleza bibi kwamba kushtuka usingizini, kukojoa kitandani, tumbo kuuma na kung'ang'ania mtu mzima hutokea kwa watoto wengi baada ya msiba kama huu, na kwa wengi hupungua taratibu wakiwa na watu wanaowaamini na siku zao zikirudi kwenye mpango wa kawaida. Asimchape kwa kukojoa. Alale naye karibu. Wiki zikipita na bado hali chakula wala halali usingizi, au akisema anataka kufa hata siku moja, tusingoje, tumpeleke hospitali.

Darasani niliwaambia watoto wazi: mwenzao aliyefukiwa amekufa, mwili wake umeacha kufanya kazi, hawezi kurudi, na si kosa la mtu. Anayetaka kulia alie, asiyelia naye hana kosa. Maswali yakamwagika. Mmoja alisikia nyumbani kwamba kisima kinataka mtu wa pili. Nikamweleza jinsi udongo unavyolegea ukishiba maji, na kwamba kijiji kimeweka miiba pale, hakuna anayeshuka tena.

Siku ya tatu mwalimu wa zamu alikuja mbio kuchukua fimbo: watoto wa darasa la pili walikuwa nyuma ya vyoo wanazika kigunzi cha mahindi, wanaimba na kulia kilio cha uongo. Nilisimama mlangoni mwa ofisi nikamzuia.

"Wanacheza na msiba!" akafoka.

"Ndivyo watoto wanavyouelewa. Waache, ila uwe karibu." Alinionya kwamba nitaiharibu shule. Nikachoka hata kubishana.

Msichana alirudi siku ya nne. Sikumwita. Nilikuwa jikoni pa shule nachambua mbaazi na mpishi, akaja akakaa, akaanza kuchambua. Tukachambua sinia zima. Mpishi alipotoka kufuata kuni, msichana akasema bila kuinua macho, "Ilikuwa zamu yangu."

"Zamu yako?"

"Kuchota kwanza. Nikamwambia aanze yeye, mimi nafunga kata yangu ya kichwani."

Nilikuwa na maneno kumi mdomoni. Nikayameza tisa.

"Udongo uliporomoka kwa sababu ya mvua," nikamwambia. "Ungeporomoka zamu iwe ya nani. Hukujua, wala hakuna aliyejua. Na wewe ndiye uliyekimbia kuita watu."

Akalia sana, kilio cha kutikisa mabega. Sikumwambia anyamaze. Nikamuuliza kama anataka bibi yake ajue, akatikisa kichwa kukubali, tukaenda wote wawili kumwambia. Bibi alimvuta mapajani, mkubwa vile, akasema naye kwa Kimakonde maneno ambayo sikuyaelewa yote.

Mwisho wa mwezi Mwalimu Mkuu aliniletea fomu ya taarifa. Safu moja ilikuwa ya watoto waliohudumiwa, nyingine ya waliopona. Nikaiacha hiyo ya pili wazi. Akachukua kalamu akaandika "wote".

"Wote vipi?" nikamaka. "Yule msichana kila Jumamosi tumbo linamuuma. Kwenye maji haendi bila bibi yake."

"Sasa niandike nini? Wanataka jibu."

Nilikuwa tayari kumfokea. Nikamwona ameketi, kalamu mkononi, hatazami fomu. "Nilimwandikisha mimi darasa la kwanza," akasema. "Na kaburi lake nilichimba mimi."

Toka Jumamosi ile hakuna aliyemuuliza hali yake, mimi nikiwa wa kwanza. Nikavuta kiti nikakaa. Mlango niliuacha wazi.